Barua ya Mtaro



Wengi mmeniuliza barua ya mtaro imefika wapi. Nitawaeleza yote, pamoja na sehemu inayoniaibisha.

Mnakumbuka Jumapili ile ya Aprili mwaka jana, maji ya barabarani yalipotuingilia katikati ya ibada. Sisi tulideki tukaendelea. Lakini jirani yetu, mama anayeuza mitumba, alipoteza marobota mawili na godoro la watoto. Nilienda nikaomba naye. Kalamu sikushika.

Januari hii ndipo nilipoandika, kurasa mbili kwa mwakilishi wadi. Sikupata jibu. Nilipoisoma tena nikaona ni mahubiri tu! Nilikuwa nimewakemea viongozi wote wa nchi, lakini mtu asingejua mtaro ni upi, umeziba wapi, wala nataka nini kifanywe.

Nikarudi kwa Nehemia, sura ya pili. Mbele ya mfalme alitaja muda wa safari yake. Akaomba barua za kupita kwa maliwali, na nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya milango. Alijua nani ana nini. Na alipofika Yerusalemu, kabla ya kuwaambia wakuu neno lolote, alizunguka usiku akazikagua kuta.

Basi mimi na mzee mmoja wa kanisa tukaukagua mtaro kwa miguu, tukianzia chini unakomwaga maji mtoni. Mtaro wenyewe hukuonyesha ulipoziba: upande wa juu maji yamesimama, upande wa chini ni pakavu. Pahali pa kwanza palikuwa mdomo wa kalvati, tope limepita nusu, pamoja na magunia na chupa za plastiki. Tukahesabu hatua 140 kupanda juu, tukakuta pa pili. Maji ya kijani yamesimama, na mbele yake pakavu kabisa.

Palikuwa getini petu. Ile slabu tuliyomwaga ili magari yaingie kanisani, chini yake kuna bomba la inchi sita. Mtaro una upana wa futi mbili. Fundi alinishauri tuweke kubwa zaidi, nami nikasema hilo linatosha, kwa sababu ya bei. Yule mama anaishi upande wa juu wa geti letu.

Nawaambia ukweli, nilifikiria kuandika juu ya kalvati peke yake.

Kwanza niliuliza barabara ni ya nani. Nyingine ziko chini ya serikali kuu kupitia mamlaka za barabara, na barua ikienda ofisi isiyohusika hulala huko. Yetu ni ya kaunti. Tena Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Kwa hiyo safari hii nilimwandikia msimamizi wa wadi, kwa sababu ndiye anayesimamia kazi za kaunti hapa mtaani, na nakala ikaenda kwa mwakilishi wadi. Barua ilitosha ukurasa mmoja:

"Mheshimiwa, naomba mtaro ulio kando ya barabara ya soko uzibuliwe kabla ya katikati ya Machi, mvua ndefu zisije zikatukuta. Umeziba pahali pawili. Pa kwanza ni mdomo wa kalvati, ambapo tope limepita nusu. Pa pili ni hatua 140 juu yake, chini ya slabu ya kanisa letu. Hilo ni kosa letu, na tutaivunja wenyewe. Tunaomba wafanyakazi waanzie chini, na tope libebwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa la mwaka jana liliachwa ukingoni na mvua ya kwanza ikalirudisha. Picha nne zimeambatishwa. Aprili iliyopita maji yaliingia kanisani na katika nyumba ya jirani."

Nikaweka sahihi, na majirani kumi na mmoja nao wakaweka. Yule mama alisoma ile sehemu ya slabu mara mbili, akanitazama, kisha akaandika jina lake. Hakusema kitu, nami sikuwa na la kusema.

Nilibeba nakala mbili. Moja ilibaki ofisini, na ya pili ikapigwa muhuri na tarehe ya kupokelewa. Msiache barua bila huo muhuri, maana mkirudi mtaambiwa haikuonekana.

Jumatano narudi kuulizia, nakala mkononi. Jumamosi saa mbili asubuhi tunavunja slabu. Ndugu wenye nyundo nzito, mitaimbo na makoleo, njooni nayo. Wenye magari, mtaegesha nje mpaka tupate bomba la kutosha. Wazee wa kanisa wamekubali sadaka ya spika mpya ifanye kazi hiyo kwanza.

Mchungaji wenu.