Kizazi Kimetoka, Ovari Zimebaki

14 Februari 2023
Kizazi kimetolewa kwa sababu ya uvimbe. Ovari zote mbili wameziacha. Shangazi kaja na uji na hukumu: "Basi mwanangu, ushakuwa bibi." Nina miaka 41. Sikumbishia, mshono unauma nikiongea.

2 Machi
Usiku nimeamka nimelowa jasho, nikaona kumbe shangazi kasema kweli. Daktari aliyenikagua mshono hakushtuka. Alinichorea nyuma ya cheti: ovari hupata damu kwa njia mbili, mshipa wake wenyewe unaoshuka kutoka kwenye mshipa mkuu wa tumboni, na tawi la mshipa wa kizazi. Tawi hilo limekatwa pamoja na kizazi, kwa hiyo ovari huweza kuyumba kwa wiki kadhaa, kisha zikaendelea. Estrojeni huingia kwenye damu moja kwa moja, haipitii kwenye kizazi. Kilichokoma ni hedhi, maana utando uliokuwa ukibomoka kila mwezi haupo tena.

19 Juni
Matiti yamejaa, sidiria haivaliki, na fundi bomba nimemkaripia bure. Mwezi uliopita ilikuwa hivihivi, siku chache kisha kimya. Naweka alama kwenye kalenda. Mayai bado yanapevuka! Yakitoka huyeyukia humohumo mwilini.

8 Oktoba 2024
Leo nimeuliza: ukomo wa hedhi utanijia lini? Daktari akanisimulia utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa 2011. Walifuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 47. Baada ya miaka 4, kwa waliotolewa kizazi ovari zilikuwa zimechoka kwa takriban 15 katika kila 100. Kwa wasiopasuliwa ni 8. Kwa wastani ukomo ulikadiriwa kuwahi kwa miaka kama 2. Aliyetolewa na ovari moja alikuwa hatarini zaidi. Lakini kama kisa ni upasuaji au ni ule ugonjwa uliousababisha, utafiti haukuweza kutenganisha. Nimeondoka nikiwafikiria wale 85.

11 Januari 2026
Kalenda haina alama tangu Agosti. Joto linapanda kifuani hadi usoni hata feni ikiwa imewashwa, na uke umekauka. Wenzangu huhesabu miezi 12 bila hedhi. Mimi nitahesabu nini? Kwa kuwa sijafika 45, nimepimwa damu. FSH, homoni ya tezi iliyo chini ya ubongo inayozisukuma ovari, imepanda: ovari zikilegea, tezi huongeza msukumo. Kipimo kimoja hakitoshi, kwani katika kipindi hiki hupanda na kushuka; nitarudia baada ya wiki 6. Kikithibitika, daktari anapendekeza estrojeni peke yake, ili mifupa isidhoofike mapema. Projesteroni huongezwa kulinda utando wa kizazi, na mimi sina wa kulinda. Shangazi anataka kujua bei.