Fomu Yangu Ilimfutia Binamu Yangu Kila Kitu

Leo najianika mwenyewe. Mwaka jana nilitengeneza tovuti ya kikundi fulani kinachotoa basari, na nikajiona fundi kweli kweli. Kisha binamu yangu akanipigia simu saa moja jioni, fomu ikifungwa usiku huo huo saa sita. "Wewe kijana, hii kitu yako imenifuta mara mbili. Kuja uone."

Binamu yangu mikono yake hutetemeka, mausi hawezi kuishika ikatulia. Kwa hivyo anatumia kibodi peke yake. Tab inampeleka mbele, Shift+Tab inamrudisha, Enter inabonyeza. Anaandika kwa kidole kimoja, na ile fomu yenye sehemu 22 ilikuwa inamchukua karibu saa nzima.

Nikaketi kando yake nikamwambia, "Dada, fanya vile ulivyofanya, mimi nitazame tu." Akabonyeza Tab. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika. Akabonyeza tena, wapi! Kumbe alikuwa anasonga, lakini hakuna alama ya kumwonyesha yuko wapi. Browza huwa inachora mstari kuzunguka kitu ulichofikia. Mimi ndiye niliufuta, kwa sababu mwenye kazi alilalamika ati "hiyo duara ya buluu" inaharibu sura ya vitufe. Nikaandika `outline: none` kwa kila kitu, nikalipwa, nikaenda zangu.

Basi binamu yangu akawa anahesabu. Chini ya sehemu ya mwisho aliona vitufe viwili: kushoto "Futa yote", kulia "Tuma". Akawaza kama mtu yeyote angewaza: Tab ya kwanza ni Futa, ya pili ni Tuma. Akabonyeza mara mbili, kisha Enter. Fomu yote ikawa tupu.

Hapo ndipo nilishika kichwa. Ndani ya HTML nilikuwa nimeandika Tuma kwanza, Futa baadaye. Halafu nikavigeuza kwa CSS, `flex-direction: row-reverse`, ili Tuma ikae kulia. CSS iligeuza kile macho yanaona tu. Tab haifuati macho, inafuata mpangilio wa HTML. Kwa hivyo Tab ya kwanza ilienda Tuma, ya pili ikaenda Futa. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Skrini yangu ndiyo ilimdanganya.

Na nikakosea tena papo hapo. Kwa haraka niliweka `tabindex="1"` kwa Futa na `tabindex="2"` kwa Tuma, nikidhani nimepanga. Tukafungua ukurasa upya, Tab ya kwanza kabisa ikaruka menyu, ikaruka fomu yote, ikatua kwa Futa kule chini! Nambari kama hizo haziwi foleni ya vitufe viwili pekee. Zinatangulia kila kitu kwenye ukurasa. Nikaziondoa zote mbili.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi. Nilitoa `row-reverse`, nikaandika vitufe ndani ya HTML vile vinavyoonekana, na nikafanya Futa iulize kwanza kabla ya kufuta. Kisha nikatoa ile `outline: none`, nikaweka hii:

```css
:focus-visible {
  outline: 3px solid #003366;
  outline-offset: 2px;
}
```

Hiyo `:focus-visible` ndiyo ilimaliza ugomvi na mwenye kazi. Ukibonyeza kitufe kwa mausi, mstari hauonekani. Ukikifikia kwa Tab, unaonekana. Nilichagua buluu nzito kwa sababu ukurasa wangu ni mweupe; kama wako ni mweusi, rangi hiyo itamezwa. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unadai alama hii ionekane, na itofautiane na rangi iliyo kando yake kwa angalau 3:1.

Binamu yangu alianza mara ya tatu. Safari hii mstari ulimtangulia kutoka sehemu moja hadi nyingine, hakuhesabu chochote. Alituma saa tano na dakika arobaini. Akanitazama tu, akasema, "Sasa chai unapika wewe."

Nilipika. Lakini swali halijanitoka: wangapi walifutiwa kabla yake na hawakuwa na namba ya fundi? Walioshindwa hawaonekani popote, kwa sababu fomu haikufika. Wewe unayetengeneza tovuti, usiku wa leo chomoa mausi, anzia juu na Tab mpaka Tuma. Mahali utakapojiuliza "sasa niko wapi?", hapo ndipo umemwacha mtu.