Kiwango cha Mibofyo na Wastani wa Sekta

Kiwango cha mibofyo hupatikana kwa kugawanya idadi ya mibofyo kwa idadi ya mara tangazo lilipoonekana, kisha kuzidisha kwa 100. Tangazo lililoonekana mara 1,000 na kubofywa mara 40 lina kiwango cha asilimia 4. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kazi huanza mtu anapouliza kama asilimia 4 ni nyingi au ni kidogo. Mwandishi wa makala hii alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akisimamia matangazo ya Google kwa kampuni za utalii za Arusha, na swali hilo lilirudi katika vikao vya mwisho wa mwezi zaidi kuliko swali jingine lolote. Wenye kampuni walitaka kujua wenzao wanapata ngapi, na jibu lililotafutwa lilikuwa wastani wa sekta.

Wastani huo una asili yake, na asili hiyo ndiyo ya kuulizwa kwanza. Jedwali linalonukuliwa sana ni la WordStream, kampuni ya Kimarekani ya programu za kusimamia matangazo, nalo hukokotolewa kutokana na akaunti za wateja wake walioko Marekani. Katika toleo la mwaka 2018, wastani wa sekta zote kwa matangazo ya utafutaji ulikuwa asilimia 3.17, na kwa matangazo ya picha yanayowekwa kwenye tovuti za watu wengine ulikuwa asilimia 0.46. Kufikia toleo la 2024, ule wa utafutaji ulikuwa umefika asilimia 6.42. Meneja aliyeendelea kutumia jedwali la 2018 angeweza kufurahia asilimia 4 mwaka 2024 bila sababu yoyote ya kufurahi. Na kampuni ya Arusha inayowatangazia Wajerumani kwa Kijerumani haimo katika jedwali lolote kati ya hayo mawili.

Tofauti kati ya 3.17 na 0.46 inaonyesha pia kwa nini jumla ya akaunti nzima haifai kulinganishwa na kitu. Anayetafuta kwenye Google ameuliza swali, na tangazo linakuja kama jibu. Anayesoma habari kwenye tovuti hakuuliza chochote. Tangazo limemkuta njiani. Akaunti inayoendesha aina zote mbili itaonyesha chini ya ukurasa tarakimu moja iliyochanganya watu hawa, na tarakimu hiyo haina cha kulinganishwa nacho. Hata ndani ya utafutaji kuna mchanganyiko mdogo zaidi: mpangilio wa Search partners hupeleka tangazo kwenye injini na tovuti nyingine zilizoungana na Google, ambako mara nyingi huonekana sana na kubofywa kidogo. Kutenganisha ni rahisi kwa kutumia Segment, kisha Network (with search partners), na hatua hiyo hutangulia ulinganisho wowote.

Mchanganyiko unaopotosha zaidi, na ambao watu wengi wa fani hawaukagui, ni ule wa jina la kampuni na maneno ya jumla. Mtu anayeandika jina la kampuni kwenye Google tayari anaijua. Huenda ameelekezwa na rafiki aliyepanda Kilimanjaro nayo. Huyo hubofya bila kusita. Anayeandika maneno ya Kiingereza ya jumla kama tanzania safari cost bado analinganisha kampuni nyingi. Kisa kimoja kinatosha kuonyesha athari yake. Tarakimu zimerahisishwa ili zifuatike.

Mwezi wa kwanza, matangazo ya jina la kampuni yalionekana mara 2,000 na kubofywa mara 600, yaani asilimia 30. Ya maneno ya jumla yalionekana mara 38,000 na kubofywa mara 1,140, yaani asilimia 3. Kwa pamoja: mibofyo 1,740 kwa mionekano 40,000, asilimia 4.35. Mwezi wa pili bajeti iliongezwa kwa upande wa maneno ya jumla, na matangazo yakaandikwa upya. Ya jina yalipata mibofyo 640 kwa mionekano ileile 2,000, asilimia 32. Ya jumla yalipata mibofyo 2,730 kwa mionekano 78,000, asilimia 3.5. Pande zote mbili zilipanda. Lakini jumla ikawa mibofyo 3,370 kwa mionekano 80,000, asilimia 4.21: imeshuka. Mwenye kampuni aliyeshika jedwali la sekta mkononi aliona akaunti inayozidi kuachwa nyuma, na akataka nyongeza ya bajeti iondolewe. Angefanikiwa, kiwango chake kingepanda na wageni wapya wangepungua. Kosa lilikuwa la ulinganisho, kwa kuwa sehemu yenye kiwango cha chini ilikuwa imeongezeka uzito ndani ya jumla. Na kwa kuwa jedwali la sekta halisemi ni sehemu gani ya mionekano yake inatokana na majina ya kampuni, hakuna njia ya kulisahihisha kutoka nje.

Wakati mwingine kiwango kinachozidi wastani ndicho cha kuogopa. Tangazo la safari ya siku saba lisilotaja bei hubofywa na kila mwenye ndoto ya Serengeti. Likitaja kuwa bei inaanzia dola 2,500, wasio na uwezo huo hupita. Tuseme kila moja limeonekana mara 10,000 na kila mbofyo unagharimu dola 1. La kwanza linapata mibofyo 500 na maombi 5 ya kweli ya safari, dola 100 kwa ombi. La pili linapata mibofyo 350 na maombi 9, chini ya dola 40 kwa ombi. Kwa kipimo cha sekta la kwanza ni bora. Kwa kampuni linapoteza fedha.

Idadi ndogo nayo hudanganya. Mibofyo 12 kwa mionekano 400 ni asilimia 3, lakini bahati pekee ingeweza kuifanya 5 au 19. Kanuni ya haraka ni kuchukua kipeuo cha pili cha mibofyo, kukizidisha mara mbili, na kukitazama kama ukingo wa kosa juu na chini. Kwa 12 ukingo ni karibu 7, kwa hiyo kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 1.25 na 4.75. Kwa mibofyo 1,140 ukingo ni karibu 68, na hapo mtu anaweza kuzungumza.

Baada ya kasoro zote hizi, wastani wa sekta unabakiwa na kazi moja unayoiweza: kuonyesha jambo lililoharibika kabisa. Matangazo ya utafutaji ya maneno ya jumla yakiwa chini ya asilimia 1 huku jedwali likitaja 6, tofauti ni kubwa kupita maelezo ya nchi, lugha au mchanganyiko. Hapo hufunguliwa ripoti ya Search terms, inayoonyesha maneno ambayo watu waliandika hasa. Kwa kampuni za utalii jibu mara nyingi limo humo: neno safari lililowekwa kwa ulinganisho mpana limelileta tangazo mbele ya watu wanaotafuta Safari, kivinjari cha Apple. Maneno hayo yakishaorodheshwa kuwa ya kuzuiwa, mionekano hupungua na kiwango hupanda, na kuanzia hapo mwenye akaunti alinganishe kila kampeni na mwezi wake uliopita, au na mwezi uleule wa mwaka jana, kwa sababu maulizo ya safari hufuata misimu.