Jinsi Mto Unavyohama Bondeni Mwake

Sisi tukaao Chiwata, katika nchi ya juu ya Wamakonde, tuna shida tufundishapo habari za mito, kwa kuwa mchanga wetu hunywa mvua yote, wala hapana mto upitao huku juu. Watoto wengi huujua Ruvuma kwa kuutazama toka mbali tu, wasimamapo ukingoni kule Newala. Nao Ruvuma si mfano mwema wa mazingo: mchanga wake ni mwingi mno, na wakati wa kiangazi maji hugawanyika vijito vijito kati ya mafungu ya mchanga. Kwa hiyo mimi hupenda kueleza habari za Rufiji, tokea pale utokapo katika Korongo la Stigla, ukashuka kupita Utete hata baharini.

Ndani ya korongo mto hubanwa na mwamba, hauna nafasi ya kupinda. Ukiisha kutoka, nchi huwa tambarare, nao huanza kupinda huku na huku. Watu husema mto hupinda kwa kukwepa vizuizi. Yaweza kuwa hivyo pale mwanzo, lakini zingo likiisha kuanza hujikuza lenyewe. Maji yafikapo penye zingo husukumwa upande wa nje, kama watu ndani ya gari likatapo kona. Yakajazana huko, yakashuka chini kando ya ukingo, kisha yakarudi upande wa ndani kwa kupita sakafuni mwa mto, yakiburura mchanga. Basi upande wa nje kina ni kirefu, na ukingo huchimbwa kwa chini hata ukaporomoka. Upande wa ndani hulala fungu la mchanga lenye mteremko mdogo. Atakaye kuvuka kwa miguu na aingie akijua hayo.

Hapo ndipo mtu apotezapo shamba. Mwenye shamba ukingoni kwa nje hupungukiwa kila masika, na mwenziwe wa ng'ambo huongezewa nchi. Lakini asimwonee wivu upesi, kwani nchi ile mpya kwanza ni mchanga mtupu. Hungoja gharika nyingi ziifunike tope ndipo ifae kwa mahindi. Dalili za kuhama zaonekana wazi: nyufa juu ya ukingo, miti iliyoinama na mizizi iliyo nje, na ng'ambo yake majani machanga yaotayo kwa safu safu, kila safu ikifuata fungu la mchanga la zamani.

Zingo likizidi kukua, shingo yake hupungua, hata gharika moja ikaikata, na mto ukashika njia fupi. Njia ya kale huzibwa kwa mchanga ncha zote mbili, likabaki ziwa lenye umbo la mundu. Nalo hujaa tope kidogo kidogo, hata likawa bwawa la matete.

Maji yakipanda juu ya kingo, mwendo wake hupungua ghafula, nayo hutua mzigo wake kwa uzito: mchanga karibu na mto, tope laini mbali. Ndiyo sababu mara nyingi kingo zenyewe ni juu kuliko nchi iliyo nyuma yake, na maji hukawia huko nyuma baada ya mto kushuka. Chimba shimo katika uwanda huo, utaona tabaka za mchanga na tope, moja juu ya nyingine, zilizoletwa na gharika mbalimbali.

Warufiji walijua kazi ya tabaka hizo kabla ya sisi walimu. Mpunga hupandwa kabla ya gharika, ukakua pamoja na maji. Kisha maji yakishuka, mahindi hupandwa katika unyevu uliobaki, na kilimo hicho huitwa mlau. Baada ya gharika ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wengi waliokaa uwandani, wakajengewa vijiji nchi ya juu. Hata hivyo wengi walirudi kulima kule chini, kwa kuwa udongo wa juu haukuwapa chakula kama ule. Mimi siwalaumu.

Sasa liko bwawa la Julius Nyerere katika lile korongo, nalo lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022. Ziwani maji husimama, na mchanga hutua humo, pamoja na sehemu kubwa ya tope. Maji yatokayo ni mepesi, hayana mzigo wa kutosha, na mto wa namna hiyo hutafuta mzigo kwa kuchimba sakafu na kingo zake mwenyewe. Basi anayetaka kuona badiliko asitazame maji, bali apige kigingi ukingoni kwa nje ya zingo, hatua 20 toka ukingoni, akahesabu hatua zilizobaki kila mwaka masika yakiisha.