Barua kwa Mwalimu Mkuu

Wazazi wa Lanet wanataka hesabu. Kila nikikutana na mmoja dukani, ananiuliza ninatoza ngapi kwa tuisheni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina namba ya TSC na sina kazi, kwa hivyo jibu ningekuwa nalo. Lakini nilipomwandikia mwalimu mkuu wa shule moja ya kibinafsi hapa Nakuru, niliomba uwanja. Nilitaka kuanzisha klabu ya voliboli.

Sababu ni saa. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinamaliza masomo ya shule za kutwa saa tisa u nusu, kisha zinaacha hadi saa kumi na moja kasorobo kwa michezo na shughuli kama hizo. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo: faini hadi shilingi 100,000, au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ndiyo, watu bado wanaifanya kwa majina mengine. Ila barua ya tuisheni inamwomba mkuu aweke jina lake kwa hatari yako. Barua ya voliboli inamwomba kitu ambacho ratiba tayari imekitengea nafasi.

Shule ya umma ingekuwa safari nyingine, kwa sababu huko ada za ziada zinahitaji idhini ya Waziri.

Hesabu zangu niliziweka wazi, maana mkuu hapendi kukisia. Watoto 20, Jumanne na Alhamisi, shilingi 1,500 kwa muhula. Hiyo ni 30,000. Shule ichukue 6,000, mipira na wavu 5,000, kisanduku cha huduma ya kwanza 1,500. Nabaki na 17,500 kwa muhula mzima. Haitoshi kodi ya nyumba, lakini ni mahali pa kuanzia. Pesa zote zilipwe kwa akaunti ya shule, zisipitie simu yangu, ili mzazi asije ofisini kuuliza risiti ambayo mkuu hajawahi kuiona. Nikaambatisha cheti cha tabia njema.

Aya niliyoikalia zaidi ni ya basi. Basi la shule linaondoka saa kumi, mazoezi yanaisha saa kumi na moja kasorobo. Nikaandika: wajiunge tu watoto wanaochukuliwa na wazazi au wanaoishi karibu, kila mmoja na fomu iliyotiwa sahihi, na nitabaki getini hadi wa mwisho aondoke.

Alinipigia baada ya siku tisa.

"Mwalimu, Aprili mvua inashuka saa tisa kila siku. Utawapeleka wapi?"

"Ukumbi wa maakuli, Mwalimu. Bila wavu. Kupokea na kupasia tu, ukutani."

"Na vikombe vya watu?"

Nikamwambia nitavihamisha mwenyewe. Akasema ataipeleka barua kwa wakurugenzi Ijumaa.