Tarehe Niliyompa Mfiwa

Hosteli kwetu wananiita mnajimu, na sikatai. Tangu mwaka wa kwanza nawasomea wenzangu nyota: mtu ananipa tarehe, saa na mahali alipozaliwa, nachora chati, tunakaa kitandani tunaipitia. Wengi wanauliza mapenzi, wachache ajira. Tunacheka, mimi napata soda yangu, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba naweza kumuumiza mtu, mpaka Aprili 2025.

Aliyekuja siku ile alikuwa binti wa mwaka wa kwanza. Kaka yake, ambaye ndiye alikuwa anamlipia ada, alikuwa amefariki kwa ajali ya bodaboda wiki sita nyuma. Alizaliwa Machi 18. Saa haijui, mama yake anakumbuka tu ilikuwa alfajiri. Hata sijamaliza kuchora akaniuliza, "Dada, niambie tu itaisha lini."

Nikaangalia. Jua lake lilikuwa mwishoni mwa buruji ya Samaki, na Zohali ilikuwa inapita palepale. Kwa wanajimu, Zohali ni sayari ya uzito, hasara na subira, na hukaa kama miaka miwili na nusu katika kila buruji. Jedwali lilionyesha kwamba Mei 25 itatoka Samaki na kuingia Hamali. Nikamwambia, "Vumilia mpaka tarehe 25 Mei, mdogo wangu. Ikitoka hapo utapumua." Alilia, akanikumbatia. Usiku ule nililala nikijiona nimesaidia.

Tulipofungua chuo Novemba alirudi. Amekonda. Kwenye simu yake ile tarehe bado ilikuwa na alama. "Siku ilifika, dada. Nikaamka niko vilevile. Labda mimi ndiyo nina tatizo."

Nilikosea mara mbili. Kosa dogo lilikuwa la hesabu. Kila mwaka Zohali huonekana kurudi nyuma kwa miezi minne na kitu, na mwaka ule ilirudi Samaki Septemba 1 na kubaki humo hadi Februari 14, 2026. Kwa aliyezaliwa siku yake, ilipita juu ya Jua mara tatu: Aprili, Oktoba, halafu Januari. Ningesogeza macho mistari michache chini kwenye jedwali ningeona. Sikusogeza, kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu ambalo yeye alilitaka.

Kosa kubwa ni kwamba hata hesabu ingekuwa sahihi, tarehe ile ilikuwa ya sayari, si ya msiba. Kila aliyezaliwa siku ile ana Zohali palepale, na wengine mwezi huohuo walikuwa wanaoa. Chati haimjui kaka yake. Nilimpa mfiwa siku ya mwisho ya kulia, na siku hiyo ilipopita akaona yeye ndiye aliyefeli.

Safari hii sikufungua chati. Nilimuuliza analalaje, anakula nini, anakaa na nani rumu. Majibu yalikuwa mafupi mno. Kwenye somo la ushauri nasaha tulifundishwa kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo, kwa hiyo nikamuuliza, "Unafikiria kujiua?" Akanyamaza kidogo. "Sijapanga kitu, dada. Ila kuna siku natamani nisiamke."

Hapo unajimu uliishia. Alilala rumu kwangu. Kwa ruhusa yake nilimpigia shangazi yake usiku uleule, na asubuhi tukaenda wote kwa mshauri wa wanafunzi. Nilikaa nje kwenye benchi mpaka akatoka.

Bado nasoma nyota. Ila sasa, kabla sijachora, nauliza kilichomleta mtu. Kama ni msiba, namweleza mapema kwamba chati inaweza kutupa maneno ya kuongelea uzito alionao, lakini haiwezi kusema utaisha lini. Tarehe simpi, hata akibembeleza. Namuuliza pia, "Nikikuambia sioni nafuu, utafanya nini leo usiku?" Jibu lake ndilo linaloniambia kama tuendelee au tumtafute mtu mwingine. Na akirudi wiki ileile kutaka nimsomee tena, simsomei, tunaongea tu. Maana anayerudi namna hiyo hatafuti habari mpya, anatafuta ile ahadi.

Februari 14 alinitumia ujumbe: "Leo Zohali inatoka, eti?" Nikamjibu ni kweli inatoka, nikamuuliza jana alilalaje. Akasema saa tano usiku mpaka saa tisa, halafu akamuota kaka. Nikamwambia aje tunywe chai. Alikuja, akanisimulia ile ndoto yote.