Ankara Zilizolala Mezani Kwangu

Mwezi ule mwanangu alilazwa. Usiku nilikesha naye, asubuhi nikapanda matatu Kangemi, na magari yakikwama Westlands mimi nilikuwa nimeshasinzia. Namshukuru Mungu mtoto alipona. Ankara za ofisi hazikujipanga zenyewe.

Kazi yangu hapo mjini ni kukagua ankara za wauzaji wetu na kuzikabidhi ifikapo tarehe 10. Mwenzangu mmoja huzitumia kuandaa ritani ya VAT, ambayo KRA huitaka kufikia tarehe 20. Mwingine hawezi kumlipa muuzaji kabla sijakagua. Tarehe 10 ilipita, na kila aliyeuliza nilimjibu, "Zinakaribia." Jibu hilo liliwaumiza kuliko kuchelewa kwenyewe: mmoja aliahirisha safari ya ushago akinisubiri, mwingine alishinda akipigiwa simu na wauzaji asijue la kuwaambia.

Nilipowaomba msamaha sikuanza na hospitali, maana walikuwa wameshanipa pole. Nilisema, "Wenzangu, nilijua mapema kwamba sitamaliza, nikanyamaza. Wewe nimekunyima siku za kuandaa ritani, na wewe nimekuachia matusi ya wauzaji. Zilizo tayari nawapa sasa hivi."

Na kweli nyingi zilikuwa tayari. Nilikuwa nimezishikilia nikihangaika na chache zenye kasoro. Jioni hiyo nilizigawa. Zilizoonekana kwenye eTIMS zikiwa na PIN ya kampuni yetu zilitoka mara moja, ritani ikaanza kujazwa na malipo yakaanza kwenda. Kisha kulikuwa na zile ambazo muuzaji alikosea PIN yetu. Hizo nilizichukua mwenyewe, nikawapigia simu wauzaji mmoja mmoja wazibatilishe kwa credit note na kutoa mpya. Ankara ya Sh116,000 ina VAT ya Sh16,000 ndani yake. PIN ikikosewa, hizo 16,000 hatuwezi kuzidai.

Zilizobaki hazikuwa kwenye eTIMS kabisa. Mwenzangu wa ritani alitaka tuzisubiri. Nilimwomba tuziache, kwa kuwa sheria inaruhusu kudai VAT ya manunuzi ndani ya miezi sita baada ya mwezi wa manunuzi hayo. Kuchelewesha ritani yenyewe ni faini ya Sh10,000 au asilimia 5 ya kodi, kutegemea kipi ni kikubwa. Mwezi huo tulilipa kodi zaidi kidogo, na meneja nilimweleza mimi, si yeye.

Ritani iliingia tarehe 19. Mwenzangu wa malipo hakulainika upesi. Kwa muda alinijibu "sawa" tu, na sikumlaumu. Siku hizi namkabidhi zilizokamilika kila Ijumaa, pamoja na orodha ya zenye kasoro na jina la muuzaji anayesubiriwa, ili akipigiwa simu awe na jibu.